Jasho la Chumba cha Pareto

Wiki ile koo lilituuma sote wawili, mimi na mume wangu, na kwa hiyo nikaamini tunaugua kitu kimoja. Tulikuwa tumetoka magharibi kuja kufanya kazi kwenye shamba la mzungu huko Dundori. Mimi nilichuma maua ya pareto, yeye alichochea moto wa chumba cha kuyakaushia. Vumbi la maua yale lilitukereketa koo kila siku, hivyo mtu akilalamika kwamba koo linamuuma, hakuna aliyemgeukia.

Ugonjwa wangu ulianza polepole. Siku ya kwanza koo, ya pili chafya, kisha makamasi yakanitiririka hata nikaona aibu. Lakini nilichuma maua siku zote hizo, na ugali niliula. Siku ya nne nikafanya walivyofanya wote pale shambani: niliingia chumba cha kukaushia, nikakaa katikati ya trei za maua mpaka nguo zikalowa jasho. Kesho yake nilikuwa mzima, nami nikajisifu kwa kila mtu.

Mume wangu naye aliondoka asubuhi moja akipiga mluzi. Saa sita akarudi akijishikilia ukutani, anatetemeka. Hakuwa na makamasi. Alikuwa na kikohozi kikavu, na kichwa, mgongo na mapaja vilimuuma hata akashindwa kuvua viatu mwenyewe. Alisema hata macho yanamuuma akiyageuza.

Dresa wa shamba, mzee mpole aliyetutibu sote, alimtia kipimajoto kwapani, akakisoma, kisha akanitazama mimi.

"Mama, wewe ulikuwa na mafua tu," alisema. "Hii ya mzee wako ni fluu, ile imeingia Nakuru. Mafua inakuja pole pole na wewe unatembea nayo. Hii inaangusha mtu mara moja, mwili yote."

"Sasa tufanye nini?"

"Alale. Umpe maji, chai, uji, kidogo kidogo lakini mara nyingi. Aspirini inashusha homa, haiponyi. Homa ikiisha bila dawa, akae siku nzima tena ndani, halafu aanze na kazi kidogo. Mtoto asilale karibu yake. Na akipata nafuu halafu homa irudi, ama pumzi ikuwe fupi, usingoje. Niite."

Nilimlaza. Msichana wetu mdogo nilimpeleka kwa jirani. Siku tatu nilimpa mume wangu uji, nikasenya kuni, nikachuma maua, na nikiri kwamba nilichoka na nikakasirika. Nina ulimi mkali hadi leo. Asubuhi ya siku ya nne alikuwa amemeza aspirini, paji la uso limepoa, akaketi kitandani.

"Mafua gani inalaza mwanaume siku nne?" nikamwambia. "Mimi niliingia kwa chumba, jasho ikatoka, nikapona. Amka."

Alivaa koti, akaenda kwenye moto wake. Alishinda mle hadi jioni, akibeba magogo, na aliporudi jasho lilikuwa limemlowesha hadi kiunoni. Nilifurahi. Nilimkaushia shati.

Kesho yake homa ilirudi, kali kuliko ya kwanza, na akawa anakohoa makohozi yenye rangi ya kutu. Maneno ya dresa niliyakumbuka vizuri sana, msinifikirie mjinga. Lakini kwetu pale joto la namna ile lilikuwa na maelezo yake: ugonjwa unatoka na jasho, uache utoke. Nikamfunika blanketi la pili, nikangoja siku moja.

Siku iliyofuata alikuwa akipumua kwa mabega, ubavu unamchoma, midomo imegeuka rangi. Hapo ndipo nilipokimbia kumwita dresa. Hakunigombeza. Tulimpakia kwenye lori la maziwa, tukateremka Nakuru, nami nimekipakata kichwa chake. Hospitalini walimchoma sindano. Daktari alisema ni mapafu, na kwamba tumechelewa. Alifariki saa nane mchana, mkono wake ukiwa kwenye mfuko wa koti, kama mtu aliyepumzika.

Daktari hakusema chumba kile ndicho kilichomuua. Huenda angekufa hata kitandani. Nimeshikilia hilo "huenda" miaka mingi.

Lakini msichana wetu alikua, na kila mara alipopata mafua nilimtazama. Siku ya kwanza koo, ya pili chafya, halafu makamasi, na siku ya tano au ya sita yuko nje anacheza. Sikumpa dawa. Sikumpeleka penye joto. Yalikwisha yenyewe, kama yangu yalivyokuwa yakiisha siku ile nilipoingia kwenye chumba. Chumba hakikuniponya chochote. Mimi ndiye niliyemwambia mume wangu kwamba kiliniponya.