Sauti Nyingine kwa Daktari wa Ndama

Mwaka ule nilikuwa najiona bonge la mtu. Kazi zilikuwa zinanitafuta mpaka Katesh nyumbani, mimi mtafsiri asiye na ofisi, mwenye meza moja, kompyuta moja na mdomo. Natafsiri Kiswahili na Kidatoga, kwenda na kurudi, na nikiombwa narekodi kwa sauti yangu. Watafiti wa chuo kikuu walikuwa wameniletea mahojiano ya wazee wa Mbulu na Hanang niyaandike neno kwa neno, kazi ya miezi mitatu, na nilikubali kabla hawajamaliza kueleza. Ndivyo nilivyo, sifa zinanilevya.

Tatizo alikuwa daktari wa mifugo. Mtu wa Mbeya, mpole, amehamishiwa huku na shirika lake kuendesha chanjo ya ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, kwa ndama. Kwa miaka miwili ujumbe wake wote nilikuwa nautafsiri na kuurekodi mimi. Gari lake lilikuwa linapita vijijini na kipaza sauti juu, sauti ikiwa yangu, na watu wakanizoea hadi sokoni walikuwa wananiita "chanjo". Sasa alitaka ujumbe mpya kwa ajili ya Dirma, na mimi sikuwa na hata nusu siku ya kumpa.

Mtu wa kumpa nilikuwa naye. Rafiki yangu, mdogo wangu kwa miaka kumi, ambaye tangu mwanzo ndiye aliyekuwa ananisomea tafsiri zangu na kunikosoa bila aibu. Alikuwa ameolewa Dirma mwaka uliotangulia, na huko kazi za kutafsiri zilikuwa hazimfikii tena. Alikuwa ameanza kusema ataiacha, auze kompyuta anunue mbuzi. Nilimpigia kwanza, maana huwezi kumpa mtu kazi kwa barua ambayo yeye mwenyewe hajaisikia. Akasema, "Dada, nikiharibu hii, hakuna mwingine atakayenipigia." Nikamwambia aache uoga.

Halafu nikakaa kuandika barua kwa daktari. Niliiandika mara nne, na kila mara ilitoka kama ya mtu anayeaga kwenda kuzimu. Mwisho ikawa hivi:

"Daktari, salaam. Asante kwa kuniamini miaka hii miwili. Kwa sasa ratiba yangu imejaa hadi mwisho wa Juni, na kazi yako haistahili kufanywa kwa haraka. Naomba kukukabidhi kwa muda kwa mwenzangu wa Dirma. Amekuwa mkaguzi wa tafsiri zangu zote ulizopokea, na makosa ambayo hukuyaona ni kwa sababu yeye aliyaona kabla yako. Nimeshaongea naye, yuko tayari. Ukiridhia, nitampa orodha ya maneno yetu ya kitaalamu na rekodi za zamani. Bila ruhusa yako sitampa kitu. Malipo mtapatana ninyi wawili, mimi simo. Wiki mbili za kwanza nitajibu swali lolote la yeyote kati yenu. Na kama una mtu mwingine unayemtaka, uko huru kabisa."

Daktari akajibu siku hiyo hiyo kwamba ameridhia, ila atanikosa. Nilisoma hilo la kunikosa mara kadhaa. Sioni haya kusema.

Siku ya sita akanipigia. Salamu zake zilikuwa fupi, nikajua kuna jambo.

"Dada, huyu uliyenipa, neno ndama analijua?"

"Analijua kuliko mimi. Kwa nini?"

"Karani wetu amesikiliza rekodi yote. Anasema ndama hamo. Ujumbe wa chanjo ya ndama, na ndama hamo!"

Karani huyo ni Mdatoga, lakini alipelekwa shule ya bweni akiwa darasa la tatu, na Kidatoga chake kimebaki cha darasa la tatu. Hata hivyo nilishtuka. Nikamwomba daktari anitumie rekodi, nikavaa spika za masikioni, nikasikiliza. Sauti safi, imetulia, kila kitu mahali pake. Na kweli, pale panapotakiwa neno ndama, alikuwa ameweka neno jingine, kila mara lile lile.

Jamani. Nilijipiga kibao cha paji la uso mpaka mume wangu akatoka ndani kuuliza kuna nini.

Kwetu mwanamke akishaolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Si jina tu, hata maneno yanayolingana nalo kwa sauti anayaacha, akitumia mengine ambayo akina mama wanayo tangu zamani, na wanaelewana vizuri tu. Jina la baba mkwe wa rafiki yangu linagusana na neno letu la ndama. Sasa mimi niliolewa na Mpare. Wakwe zangu wako Same, majina yao hayagusi neno lolote la Kidatoga, na mdomo wangu umekaa huru miaka kumi na minane hadi nimesahau kwamba wenzangu wana mipaka. Nilimsifia kwa barua ndefu, nikaeleza na makosa aliyoyaona, na jambo moja ambalo mjomba yeyote wa kijijini angeuliza kwanza, yaani huyu ameolewa na nani, sikuliwaza kabisa!

Nikampigia. "Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini, dada? Wewe si Mdatoga?"

Akaniuliza kwa sauti ndogo kama daktari amekasirika. Nikasema hapana, nikadanganya.

Daktari alipopiga tena nilimweleza mambo ya wakwe, lakini alikuwa ameshapata dawa yake. "Dada, chanjo ni Alhamisi. Rekodi wewe, dakika tatu tu. Nitamlipa na yeye, tutamweleza taratibu."

Na hapo nataka niseme ukweli, kwa sababu nimeshazeeka vya kutosha kuusema. Nilifurahi. Nilikuwa na simu mkononi, maneno nayajua kwa moyo, na nilisikia raha ya mtu anayeombwa arudi. Lakini nilijua pia maana yake. Nikirekodi zile dakika tatu, daktari hatampigia tena mwenzangu, ila mimi tu, na kule Dirma kompyuta inauzwa.

"Daktari," nikamwambia, "ndama wa huko analelewa na nani?"

"Na wanawake."

"Basi usimuulize karani. Jumanne wanaogesha mifugo Dirma. Nenda na rekodi hiyo hiyo, iwashe pale joshoni, kisha waulize akina mama wakueleze wamesikia nini. Wasipoelewa, narekodi jioni ile ile."

Akauliza, "Nani atanitafsiria majibu?"

Si rafiki yangu, maana mtu hawezi kuwa shahidi wa sauti yake mwenyewe. Basi mimi mwenye ratiba iliyojaa, niliyeandika barua rasmi kwamba sina nafasi hadi Juni, nikapanda gari la daktari Jumanne asubuhi kwenda Dirma. Mume wangu alinisindikiza mlangoni akicheka tu, na hilo lilinichoma zaidi.

Joshoni kulikuwa na vumbi na kelele za ng'ombe. Rafiki yangu alikuja akasimama mbali, nyuma ya wenzake, ameshika mikono yake mwenyewe. Nikawaamkia wazee shikamoo, daktari akafanya vivyo hivyo, kisha akawasha rekodi.

Wanawake walisikiliza. Ilipofika neno lile, wakaangaliana, wakacheka.

"Wanacheka nini?" daktari akaninong'oneza. Alikuwa amebadilika rangi.

"Subiri," nikasema.

Mama mmoja mzee, mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa, akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Daktari akamuuliza kupitia kwangu amesikia nini. Akataja bila kukosea. Ndama aliyetimiza mwezi mmoja na kuendelea ndiye wa kuletwa. Mwenye hereni ya chanjo sikioni asirudishwe, ameshachanjwa. Mgonjwa abaki nyumbani. Alhamisi, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Daktari akaandika yote kwenye daftari lake, akauliza akina mama wengine wawili, wakasema hivyo hivyo.

Kisha yule mama mzee akaendelea kuongea, wenzake wakiitikia kwa vichwa. Akaongea sana.

"Anasemaje?" daktari akauliza.

"Anasema rekodi hii ni nzuri."

"Dada, amesema maneno mengi kuliko hayo."

Mh. Mtafsiri ana kiapo chake, hata kama hakuna aliyemwapisha. Nikatafsiri lote, neno kwa neno, mbele ya umati, jina langu la kazi likiwa linachanwa nikiwa nimelishika mwenyewe. Anasema huyu ni mke wa watu, ana wakwe, anaongea na sisi kama sisi. Anasema yule wa zamani wa kwenye gari, kale kasichana, tulikuwa tunakasikiliza kwa kukahurumia tu. Kanataja kila kitu ovyo. Tulisema labda hakajapata mtu wa kukaoa, na ng'ombe wa mtu haletwi kwa neno la mtoto.

Nina miaka arobaini na mitatu. Nina watoto watatu.

Daktari alijitahidi, nampa haki yake. Alishika mdomo, akageukia ng'ombe, mabega yakawa yanamtikisika. Rafiki yangu yeye hakucheka. Alikuwa amefunika uso kwa kanga, na alipoifunua niliona alikuwa analia, tena analia kwa furaha, na kwa kunihurumia pia. Hasira yote ikaniisha pale pale.

Alhamisi ndama walikuwa wengi mpaka daktari akaagiza dawa nyingine kutoka Katesh. Wiki iliyofuata akaniandikia, kwa adabu yake yote ya Mbeya, kuuliza kama nitaona vibaya akiendelea na mwenzangu hata baada ya Juni.

Nilichukua siku mbili kumjibu. Siku ya kwanza nilinuna. Ya pili nikaandika barua ya mistari mitatu: kwamba kazi yote ya Hanang sasa ni ya mwenzangu moja kwa moja, kwamba orodha ya maneno ibaki kwake na airekebishe anavyoona, na kwamba nimefurahi kufanya kazi naye. Nakala nikampelekea mwenzangu.

Haikupita dakika tano akapiga.

"Dada, umekasirika?"

"Nimekasirika sana," nikasema. "Sasa nisomee hilo neno lenu la ndama taratibu, niliandike. Wazee wa watafiti wangu walihojiwa pamoja na wake zao, na nimeshaandika mahojiano ishirini bila kuelewa nusu ya walichosema wanawake."