Lengalenga Zilikwenda Wapi

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu nilishukiwa kuiba mboga. Neno lenyewe halikutamkwa, lakini mtu hahitaji neno akiona namna anavyotazamwa.

Mama mkwe alikuwa amehamia kwetu Bukavu kutoka Uvira, na tangu siku ya kwanza alishika soko. Mimi nipike, yeye anunue. Kwao walikuwa watu wa biashara, na jikoni walikuwepo mabinti wa kupika, kwa hiyo miaka mingi hakuwa amesimama mbele ya mbabula, jiko la makaa. Mboga ya nyumba yao ilikuwa sombe, majani ya muhogo, tena ile inayouzwa imekwisha kutwangwa. Sombe ya namna hiyo imeshamaliza kupungua kwenye kinu. Unaitia kwenye sufuria, unaongeza mawese na kitunguu, na kiasi ulichonunua ndicho utakachokula.

Bahati mbaya mwanawe, mume wangu, alipenda lengalenga, mchicha wa huku kwetu. Basi mama akazinunua kwa jicho la sombe: beseni moja la majani mabichi, limejaa hadi juu, kwa watu sita. Mchana nikaleta bakuli dogo mezani. Akalitazama, akanitazama, kisha akatazama mlango.

"Beseni muzima nilinunua. Sasa hii njo nini?"

"Zinapunguka, mama. Moto njo inazimaliza."

"Moto," akarudia.

Kwa wazazi wangu ni Kadutu, mwendo mfupi tu kwa mguu, na nina wadogo wengi. Nilijua hesabu aliyokuwa akiipiga. Toka siku hiyo, nikitoka na kikapu anauliza naenda wapi. Nikirudi, anachungulia ndani. Mara moja nilimkuta akinusa kitambaa changu cha kichwani, kama kina harufu ya mboga. Nilichukia hadi usingizi ukanikimbia. Nilijaribu kumweleza alivyonifundisha mama yangu mzazi: lengalenga hazipimwi kwa beseni, kila mdomo una fungu lake, fungu la kujaza mikono miwili, na kama mashina yamekomaa unaongeza, kwa sababu hayo utayatupa. Akanisikiliza kama mtu anayesikiliza wakili wa upande wa pili.

Kilichoniumiza zaidi ni mume wangu. Jioni moja aliniuliza, kwa upole kabisa, kama wadogo zangu wanakula vizuri. Upole ule ulinichoma kuliko matusi. Niliona ndoa yangu nzima inaweza kuishia kwenye bakuli la mboga.

Ijumaa moja mama mkwe akatangaza kwamba dada yake mkubwa na watoto wake watakuja kula baada ya swala, na kwamba atapika mwenyewe. Hakuficha sababu: alitaka kuona kama mboga zitapunguka mimi nisipokuwa jikoni. Nikae sebuleni, alisema, nipumzike. Kupumzika gani! Nilikaa nimekunja mikono nikisikiliza jikoni. Alikuwa amenunua mabeseni mawili, na wageni pamoja na sisi tulikuwa zaidi ya mara mbili ya watu wa siku zote.

Nilimsikia akichambua, akiosha, akishindilia majani kwenye sufuria kubwa huku kifuniko kikigoma kufunga. Kisha kimya. Kisha kifuniko kikafunguliwa, kikafungwa, kikafunguliwa tena. Mlango wa nyuma ukalia: alikuwa ametoka nje kutazama. Nani angepita? Wadogo zangu walikuwa shuleni, na mimi nilikuwa mbele ya macho ya wageni waliokwisha kuanza kufika.

Alileta chakula mwenyewe. Mlima wa bugali, samaki wa kutosha, na mboga zimekaa chini kabisa ya bakuli kubwa. Hakuniangalia. Dada yake akachukua kijiko, akazigeuza geuza, akacheka bila furaha.

"Wee, niliona mabeseni mbili pale inje wakati naingia. Zingine umemufichia nani? Ama siku hizi sisi ni batu ya kunyimwa?"

Nilimwona mama mkwe akitafuta la kusema, na nilijua lipo moja tu, lile nililomwambia mimi tangu mwanzo, ambalo yeye alikuwa amelikataa. Nakiri nilifurahi. Nilitaka akae pale hata kidogo tu, aonje yale macho. Mume wangu naye alikuwa ameinamisha kichwa.

Lakini yule dada mkubwa hakuacha. Alisukuma bakuli mbele kama anavyosukumwa mtoto mchafu, na mama mkwe akalivuta kwake kwa mikono yote miwili.

"Zilipunguka, mama mukubwa," nikasema. "Lengalenga njo ziko vile. Mama hakumufichia mutu."

Dada yake akanigeukia. "Wewe ulikuwa jikoni?"

Sikuwa jikoni, na kila mtu pale alijua. Ndipo mama mkwe akanitazama, kwa mara ya kwanza bila kupiga hesabu.

"Alikuwa," akasema. "Tulipika naye."