Kobe na Ramani Zisizoondoka

Mpimaji wetu alipewa jina la Kobe na mtengeneza ramani, wiki ileile mama huyo alipoajiriwa kupima michezo ya kompyuta kabla haijatoka. Sisi wengine tukijaribu mchezo tulikuwa tunakimbia. Unaangalia kama mlango unafunguka, unaangalia kama daraja linapitika, unazima, unashika kazi nyingine. Yeye alikaa. Alimtembeza tarishi wa mchezo wetu, yule anayepeleka vifurushi mji mzima, kama mtu aliyetumwa kweli. Alimnunulia viatu asivyovihitaji. Alisimama kusoma mabango ya dukani. Maneno ya mabango yale niliyaandika mimi, na hakuna mwingine ofisini aliyewahi kuyasoma, kwa hiyo nilimpenda mapema.

"Kobe, utafika lini?" mtengeneza ramani alimwuliza akipita nyuma ya kiti chake.

"Nyie mliotangulia, huko njiani mmeona nini?"

"Sisi? Vumbi."

"Basi niacheni niangalie na yaliyo chini ya vumbi."

Alikuwa amefundisha hisabati sekondari kwa miaka mingi kabla ya kuja kwetu. Mume wake ni muuguzi, na ndiye mchezaji halisi wa nyumba yao. Akitoka zamu anafungua mchezo, anacheza kidogo, anauacha wazi akaoge, ale, abishane na binti yao kuhusu vyombo, kisha anarudi kuendelea. "Mume wangu hazimi kitu mpaka umeme ukatike," aliniambia Kobe. "Na mimi naupima mchezo kwa ajili ya watu kama yeye."

Ndivyo alivyouona ugonjwa ambao sisi hatukuuona. Alasiri moja, siku chache kabla mchezo haujatoka, kioo cha kompyuta yake kiliganda, kisha mchezo ukazimika wenyewe na safari yote ya tarishi ikapotea. Kesho yake ukazimika tena. Akauwekea alama nyekundu. Kwa utaratibu wetu, mpimaji akiweka alama hiyo mchezo hautoki.

Meneja akaja na kikombe chake cha chai mkononi. "Mama, mchezo umeanguka wapi?"

"Leo sokoni. Jana darajani."

"Basi hauna mahali maalumu."

"Mahali hauna. Wakati unao. Unaanguka nikishacheza kwa saa kadhaa."

"Vijana wamejaribu kwenye kompyuta zao, hawajaona kitu. Labda hii yako ni ndogo mno."

"Ni ndogo kama za wanunuzi wetu, baba."

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekwisha kuwaahirishia wasambazaji mara mbili, na walikuwa wamemwambia kwamba akiahirisha tena bila sababu ya kueleweka, nafasi yetu inapewa mchezo mwingine. Akaweka kikombe chini. "Nipe sababu kabla ya kikao cha kesho mchana. Bila sababu, alama naiondoa mwenyewe."

Alipoondoka, Kobe aliniambia kwa sauti ya chini, "Akiiondoa mara hii, alama yangu haitazuia hata inzi."

Asubuhi alifika akiwa na mpango. Alifungua kifaa cha kufuatilia matumizi ya kompyuta, dirisha dogo linalochora mstari kuonyesha ni kiasi gani cha kumbukumbu kinachotumika. Kumbukumbu ndiyo nafasi ambayo kompyuta huweka vitu inavyovitumia kwa wakati huo, na ikijaa, mchezo hauna pa kuweka mguu. Sasa alitaka kujua nani anaijaza, na alifanya hivyo kwa kubadilisha jambo moja tu kila mara.

Kwanza alimwacha tarishi amesimama tu, akaenda kuchemsha maji. Aliporudi mstari ulikuwa umelala. Halafu akamkimbiza mji mzima. Mstari ukapanda, ukashuka, ukapanda, ukashuka. Hilo ni sawa, maana ndani ya mchezo kuna sehemu inayopita mara kwa mara kuondoa vitu visivyotumika tena. Sisi tuliiita Mfagizi. Akazungumza na kila muuza duka. Mfagizi akapita, mstari ukashuka.

Kisha akafungua ramani ya mji, akaifunga. Mstari ukapanda kidaraja. Akasubiri Mfagizi apite. Haukushuka. Akafungua tena, akafunga. Kidaraja kingine.

"Njoo uone ngazi," aliniita. Kwa kweli ilikuwa ngazi, na haikuwa na upande wa kushukia.

Akatumia chombo cha pili, kinachoorodhesha kila kitu kilichomo kwenye kumbukumbu. Alichukua orodha moja kabla ya kufungua ramani na nyingine baadaye, akazilinganisha. Ramani ilikuwa imefungwa, hata moja haikutakiwa kuwepo. Zilikuwepo nyingi sawasawa na mara alizozifungua, zimepangana kama sahani chafu. Chombo kilionyesha pia nani anayezishikilia: agizo moja la programu lililoitwa *funga*.

Ofisini kwetu maagizo yote tuliyapa majina ya Kiswahili, na tulijivunia jambo hilo. Kobe aliliangalia neno lile kwa muda. Halafu akawaita watu wawili, mtengeneza ramani na dada anayetengeneza vitufe na madirisha.

"Nawauliza neno moja, mjibu kwa pamoja. Funga maana yake nini?"

"Kufunga dirisha!" alisema dada wa vitufe.

"Kufunga kamba," alisema mtengeneza ramani.

Wakatazamana.

Mtengeneza ramani ndiye aliyeliandika agizo lile. Kazi ya agizo hilo ilikuwa kukifunga kitu kwenye kumbukumbu ili Mfagizi asikiguse, kwa mfano sura ya tarishi, inayohitajika muda wote. Dada wa vitufe alilikuta tayari, akadhani ni la kufungia madirisha. Ramani aliificha yeye mwenyewe isionekane kwenye kioo, kisha akaita *funga* akiamini anamalizia kazi. Kwa macho, ramani ilikuwa imeondoka. Ndani ilikuwa imefungwa kamba, na mchezaji akiihitaji tena, inaletwa mpya.

"Kwa hiyo kila nikiifunga, naifunga," alisema dada wa vitufe, akajifunika uso kwa mikono. Mtengeneza ramani alicheka mpaka akakaa sakafuni, halafu akakumbuka kwamba kosa ni lao wawili, akanyamaza.

Ikaeleweka pia kwa nini wao hawakuwahi kuliona. Kompyuta zao zina nafasi kubwa, tena huuzima mchezo kila baada ya muda mfupi, na mchezo ukizimwa kila kitu huachiliwa.

Kwenye kikao Kobe hakuhutubia. Alionyesha ngazi, akaonyesha orodha mbili.

"Kwa hiyo kumbukumbu inavuja," alisema meneja.

"Wataalamu wanaita kuvuja, lakini mimi naona imevimbiwa."

Meneja alicheka, kisha akawapigia wasambazaji palepale, akawatumia picha ya mstari. Wakatupa wiki moja.

Agizo likabadilishwa jina kuwa *shikilia*, na pembeni yake likaandikwa jingine, *achilia*, la kukifungua kilichoshikiliwa. Watengenezaji walisema imekwisha. Kobe alisema ataona. Alicheza tangu alipofika mpaka tulipoanza kukusanya mikoba, akifungua ramani ovyo kama mtu aliyepotea mjini. Meneja alipita mara nyingi akijifanya anatafuta kalamu. Mstari ulipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala.

Jioni Kobe akaiondoa alama nyekundu kwa mkono wake.

"Sasa utoke," alisema.

"Na wewe twende basi, mama," alisema meneja, mkono ukiwa kwenye swichi ya taa.

"Tangulieni," alisema Kobe, tarishi wake akikata kona kwenye kioo. "Huyu mtu amesubiri kifurushi chake tangu asubuhi."