Mpira wa Mashine na Migomba ya Nyuma

Mimi nina hasira za karibu. Mume wangu husema nikikosa kijiko jikoni naanza kwa kumshutumu jirani, kisha nakikuta mkononi mwangu. Sikatai. Lakini mwaka ule nilipojifungua mapacha hapa Geita, hasira zilipata kazi ya kweli, maana nepi za watoto wawili hazingoji mtu apumzike.

Mama yangu alikuja kutoka Kharumwa, huko Nyang'hwale, kunilea, kama ilivyo kwetu mtu akijifungua. Alishuka kwenye gari na begi la nguo, kuku mmoja na kifuko cha karanga, na kabla hajanywa maji akauliza karai la kufulia liko wapi. Nepi zetu zilikuwa za kitambaa, mume wangu alizinunua kwa furaha ya kupata wawili kwa mpigo, bila kufikiria nani atazifua. Mama akazifua. Kila asubuhi, baada ya kunipikia uji, anaingia nyuma na karai, na mimi nasikia maji yakichapwa hadi jua linakuwa kali.

Wiki ya tatu nilitoka nje kumwita, nikamkuta amezungushia nepi kwenye nguzo ya mlango, ameshika ncha zote mbili kwa mikunjo ya viwiko na anakamua kwa kuegemea mwili. Viganja vyake havikuwa vinashika chochote. Viungo vya mikono vilikuwa vimevimba. Nilipomuuliza akasema ndivyo nepi zinavyokamuliwa siku hizi. Nikarudi ndani, nikalia, halafu nikampigia mume wangu simu huko safarini, nikamwambia nataka mashine ya kufulia na sitaki maneno mengi.

Alinunua. Duka lilitupa siku tatu: ikisumbua, tuirudishe. Fundi wa duka, mtu mzima mwenye kitambi na maneno ya taratibu, aliiweka kwenye baraza la nyuma karibu na sinki la vyombo. Mpira wa maji machafu akauning'iniza kwenye ukingo wa sinki kwa ndoano yake. Akanieleza mambo mengi. Mimi nilikuwa nanyonyesha pacha mmoja na kumtikisa mwingine kwa mguu, kwa hiyo nilisikia neno moja kati ya matano. Nakumbuka alisema kitu kuhusu ule mpira, na mimi nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Mzigo wa kwanza ulifuliwa vizuri sana. Mama alisimama mbele ya kioo cha mlango amekunja mikono, akazitazama nepi zikizunguka kwa uso wa mtu anayekagua mkwe. Maji yalipomwagika sinkini na kuondoka, akanigeukia.

"Yanaenda wapi haya?"

"Shimoni, mayu," nikamjibu, kwa neno letu la kumwita mama.

"Maji yote hayo? Na migomba ile inakauka?"

Alisema kweli. Nyuma ya baraza, hatua moja chini, tuna migomba minne yenye mfereji mdogo kuizunguka, na kiangazi kile majani yalikuwa yamejikunja. Maji kwetu yanatoka bombani siku mbili kwa wiki, tunajaza tangi, tunahesabu ndoo. Kumwaga maji shimoni mbele ya mtu aliyekulia Nyang'hwale, akienda kisimani kabla ya jogoo, ni kumtukana. Nikataka kumfurahisha. Nikautoa mpira kwenye ndoano, nikaupitisha kwenye ukingo wa baraza, nikauteremsha mpaka mferejini kati ya migomba. Ulifika bila hata kuvutwa. Mama akacheka, mimi nikajiona mtu mwenye akili nyingi.

Kesho yake mashine ilianza kunywa. Niliweka nepi, nikabonyeza, maji yakaanza kuingia, na hayakuacha kuingia. Nilikaa kungoja nepi zianze kuzunguka kama jana yake. Zililala chini zimelowa kidogo tu, na kwenye kioo hapakuonekana maji. Baada ya muda taa yenye alama ya bomba ikaanza kuwaka na kuzima, maana yake mashine inalalamika kwamba haipewi maji. Lakini maji yalikuwa yakiingia, nayasikia kabisa. Nikabonyeza tena. Ikanywa tena. Mara ya tatu bomba likakohoa na tangi letu lote likawa limekwisha, na nepi bado chafu.

Hapo nikalipuka. Nikampigia fundi, nikamwambia mmetuuzia kitu kibovu. Akaniuliza kwa upole kama bomba limefunguliwa lote. Limefunguliwa. Akaniuliza kama nimesafisha kile kichujio kidogo pale mpira wa kuingiza maji unapojiunga na mashine. Nikakisafisha, hakikuwa na hata chembe ya mchanga. Akauliza swali la mwisho.

"Mama, kuna kitu umekigusa tangu niondoke?"

"Sijagusa kitu," nikasema, na ninaapa nilikuwa naamini ninachosema. Mpira wenyewe ulikuwa umejificha kati ya majani, na mimi nilikuwa nimeshausahau.

Akasema basi niirudishe dukani waiangalie. Siku iliyofuata ndiyo ilikuwa ya mwisho ya zile siku tatu. Mume wangu, aliyekuwa amerudi safari, akapanga guta la kuibeba saa tano asubuhi. Jioni ile Mama aliposikia akasema hakuna shida, karai lipo. Akasema kwa sauti nyepesi, na akaficha mikono chini ya khanga. Sijapata kuchukia karai kama jioni ile.

Asubuhi maji yalikuwa yametoka, tangi limejaa. Nikasema nitaijaribu mara ya mwisho, nikiwa na nia ya kuigombeza tu. Nikaweka nepi, nikamimina sabuni, nikabonyeza. Mama alikuwa ameshuka kule migombani kukata jani la kufunikia chungu. Mashine ikaanza kunywa kama kawaida yake.

"Mama Mapacha," akaniita, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Njoo uone."

Nikaenda. Mferejini maji yalikuwa yakitiririka, na juu yake povu jeupe, sabuni yangu yote. Mama alikuwa ameinama, amelichota povu kwa kidole na kulinusa.

"Hii mashine imeshamaliza kufua?"

"Ndiyo kwanza inajaza."

"Basi inajaza migomba."

Akaushika mpira kwa mikono miwili, akautoa mferejini na kuuinua taratibu. Ulipofika usawa wa goti, maji yalipungua. Alipopanda nao barazani na kuuinua usawa wa kifua, yakakatika kabisa. Akasimama vile vile, ameunyanyua, akaniambia nikatazame kioo. Nikatazama. Chini ya kioo maji yalikuwa yanaonekana, yanapanda polepole, na nepi zinaanza kuelea. Kisha mlio wa maji yanayoingia ukakoma, kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili, na nepi zikaanza kuzunguka.

Nilijikuta nacheka peke yangu kama mwehu.

Hapa lazima nieleze Mama alikuwa nani kabla hajawa bibi wa mapacha. Alitutuliza njaa mimi na ndugu zangu kwa kuuza mafuta ya taa. Pipa lilikuwa limesimama juu ya matofali nyumbani kwetu, na mteja akija na chupa Mama huingiza mpira ndani ya pipa, huvuta kwa mdomo mara moja, huuchomoa mdomoni na kuuelekeza chini kwenye chupa. Mafuta huja yenyewe, hayahitaji kuambiwa. Chupa ikijaa, huinua ncha ya mpira juu kuliko mafuta yaliyomo pipani, na yanaacha kuja. Nilimwona akifanya hivyo maelfu ya mara. Nilikuwa nikilala nikinusa mafuta kwenye nywele zake. Na bado, mimi niliyesoma, sikuona kwamba nimegeuza mashine ya bei mbaya kuwa pipa la mafuta ya taa.

"Uliuteremsha chini ya maji yake," akasema. "Kila inachopewa kinakimbilia migombani. Yenyewe inangoja ijae, haijai, inaongezewa."

"Sasa tuurudishe sinkini?"

"Na migomba?"

Akachana ukingo wa khanga ya zamani, akaupandisha mpira mpaka kwenye nondo za dirisha, juu kuliko mlango wa mashine, akaufunga pale kwa kitambaa ukatengeneza tao. Upande wa pili akauacha ushuke mpaka migombani kama mwanzo. Nikamuuliza, si utavuta tena, kwa kuwa ncha bado iko chini? Akanitazama kama mteja mgeni.

"Maji yakiwa yanajaa, yanapanda kwenye mpira mpaka usawa wa yale ya ndani, hayafiki pale juu. Mpaka mashine yenyewe iyasukume. Ikiyasukuma yakaisha ndani, hewa inaingia, mvuto unakatika. Ndivyo pipa linavyokuwa likiisha." Akaenda akaipandisha ncha kidogo kwa kijiti, isizame kwenye maji ya mfereji. "Na hapa iachwe ipumue."

Tukangoja. Mashine ikafua, ikanyamaza, ikanguruma, na maji machafu yakapanda tao, yakateremka mferejini. Yakaisha. Ikaanza kujaza ya kusuuzia, na sisi wawili tukainama kuangalia ncha ya mpira kama tunatazama panya atoke shimoni. Halikutoka hata tone. Mama akapiga kofi moja la paja, akasema mwangaluka, salamu ya asubuhi, akiisalimia mashine.

Guta lilifika saa tano kamili na mume wangu nyuma yake. Mama ndiye aliyewapokea. Akamwambia mwenye guta asante, mzigo umepona, akampa ndizi za kwenye chungu. Mume wangu akaniuliza tatizo lilikuwa nini. Nikamwambia fundi hakunieleza vizuri. Mama akakohoa. Nikasema basi, ni mimi, niliuteremsha mpira. Jioni nikampigia fundi na kumwomba radhi, akacheka muda mrefu, akasema hicho ndicho alichokuwa akiniambia siku ile nilipokuwa nanyonyesha.

Lakini nilichokihifadhi mimi ni saa nne ya asubuhi ile, kabla guta halijafika. Kwa kawaida saa hiyo Mama huwa kwenye karai. Mashine ilikuwa inakamua, inatikisika na kutetemesha vikombe vyote sinkini. Mama alikaa kwenye kigoda mbele yake, akanyoosha mikono.

"Nipe watoto."

Nikampa mmoja. Akabaki ameunyoosha mkono wa pili, na vile viungo vyake vilivyovimba, akingoja. Nikampa na wa pili. Akawalaza mmoja huku, mwingine huku, akawatazama kwa zamu, kisha akawatazama kwa pamoja.

"Wiki nne niko hapa," akasema, "na leo ndiyo nawashika wote wawili."