Kimya cha Dakika ya Nne

Mimi si mwepesi wa kuamini. Mwenzangu aliponionyesha grafu ya watazamaji wa video yake, mstari umelala juu kama meza toka mwanzo hadi karibu na mwisho, nilitabasamu tu. Moyoni nilisema huyu amewapa binamu zake wote simu waitazame.

Tulikuwa watatu katika ofisi ya vyumba viwili mjini Kakamega: mkubwa wetu, ambaye sote tulimwita Madam, mwenzangu wa kamera, na mimi wa kuandika. Video yenyewe ilikuwa ya mama mmoja wa Khwisero akitengeneza munyu, ile chumvi ya jivu ya kupikia mboga ya mrenda. Dakika tisa za jivu na maji! Na bado watu hawakuondoka.

Madam aliniita. "Chukua maneno ya hiyo video uyafanye makala. Tutaiweka kwenye tovuti wiki mbili, tuone kama wasomaji nao watabaki. Wasipobaki, sioni haja ya kuwa na mwandishi." Alisema hivyo huku akinywa chai yake.

Basi nikachapa karatasini maneno ya video kama yalivyonakiliwa na mashine. Video sikuifungua. Nilijiambia nimekulia katika munyu, mama wa Khwisero atanifunza nini? Ukweli ni kwamba sikutaka kumwongezea yule kijana wa kamera mtazamaji hata mmoja.

Maneno ya yule mama yalikuwa matamu. "Unachomanga maganda ya maharagwe, unaweka jivu kwa chungu ya matundu, unamwanga maji pore pore." Niliyanyoosha, nikaondoa marudio, nikaweka vichwa vidogo. Mahali pamoja dakika zilizoandikwa pembeni mwa maneno ziliruka, kutoka dakika ya nne kamili hadi karibu na ya tano, bila neno hata moja. Nikafikiri, mashine imelala, au bwana kamera amekata kitu anachoficha. Nikaunganisha sentensi mbili na kuendelea.

Makala ikaanguka. Watu waliifungua, maana tuliisambaza katika makundi yale yale na kwa kichwa kile kile cha video, lakini chombo cha kupimia usomaji kilionyesha kwamba wengi waliteremka hadi katikati, wakaachia hapo. Nilishuku chombo. Nikashuku mtandao. Siku ya kikao nikamgeukia mwenzangu mbele ya Madam, nikamwambia, "Hizo namba zako ni za kununua. Hakuna mtu anayekaa dakika tisa kutazama jivu."

Hakunijibu kwa ukali. "Dada, angalia tu mahali grafu inapanda," alisema, akachukua kamera yake na kutoka.

Nilipaangalia baadaye, nikiwa peke yangu. Grafu ilikuwa na kilima kidogo, na kilima hicho kilianza dakika ya nne. Hapo watu walikuwa wakirudisha nyuma na kutazama tena. Huku kwangu, mahali hapo hapo ndipo wasomaji walipoondoka. Chini ya makala alikuwepo msomaji mmoja wa Matungu aliyeuliza, "Sasa nitajuaje munyu umekuwa tayari?" Sikuwa nimemjibu kwa sababu nilidhani ananichokoza.

Nikaifungua video. Dakika ya nne mama ananyamaza. Anakinga tone kwa kidole, anasugua na gumba, anasikiliza utelezi wake, anagusa ncha ya ulimi, anakunja uso. Anamwaga maji kidogo tena, anangoja, anaonja tena. Safari hii anatikisa kichwa kukubali. Karibu dakika nzima hasemi kitu, na munyu wote uko hapo. Marehemu mama yangu alifanya hivyo hivyo jikoni, uso ule ule, na mimi nilikuwa nimesahau. Nililia, sitaficha.

Niliandika upya sehemu hiyo: kidole, utelezi, ulimi, rangi ya chai isiyo na maziwa. Wiki mbili nyingine wasomaji wengi wakafika chini. Madam akasema nibaki. Nilimwambia asinipongeze kabla mwenzangu hajaingia, kisha nikamwomba mwenzangu radhi mbele ya Madam, kama nilivyomtukana mbele yake.

"Siku ya kuhariri video nilitaka kukikata hicho kimya," Madam akasema. "Yeye akakataa katakata. Akasema kikitoka, video imekufa."

Mwenzangu alikuwa akifuta lenzi kwa pindo la shati. "Na wewe dada, uliitazama lini?"

"Wiki mbili zilizopita."

"Baada ya kunitukana?"

"Baada," nikasema.