Redio na Goti la Seremala

Wenzake darasani walimwita Redio, na yeye hakununa. Kabla ya kuingia chuo cha udaktari alikuwa ameuza viatu vya mitumba miaka mingi kwenye kibanda cha shangazi yake, na kibandani mdomo ndio mtaji. Mteja akisimama tu, unamshika kwa maneno: ona ngozi hii, gusa soli hii, mguu kama huu haupati kiatu kila siku. Bei unaitaja mwisho kabisa, mguu ukishaingia ndani na mteja ameshaanza kujitazama.

Wodini mdomo huohuo ulikuwa unamfilisi.

Kila mwanafunzi wa wodi ile ya magonjwa ya ndani alipaswa kuwasilisha wagonjwa kwenye raundi ya kufundishia. Unasimama kando ya kitanda, daktari bingwa mbele yako, wenzako wamekuzunguka na makoti yao meupe, mgonjwa amelala anakusikiliza, nawe unaeleza kwa kinywa chako anaumwa nini, umejuaje, na afanyiwe nini. Mara ya kwanza Redio alianza na jinsi mgonjwa alivyohamia mjini. Akaendelea na wanawe, na kazi zao. Bingwa, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, akamkatiza.

"Mgonjwa anaumwa nini?"

"Nakuja huko, Daktari."

"Mimi ndio natoka huko. Kitanda kinachofuata."

Mara ya pili akaona asirudie kosa, akageuza mambo juu chini. Hata umri wa mgonjwa hakuutaja. Alianza na kifua kikuu.

"Nani kakwambia ni kifua kikuu?" bingwa akauliza.

"Picha ya kifua, Daktari."

"Basi ingetosha tuilete picha isimame hapo ulipo."

Wenzake walicheka hadi muuguzi akawanyamazisha. Redio naye alicheka, kwa sababu mfanyabiashara hamwonyeshi mtu kwamba ameumia. Lakini hesabu aliijua. Imebaki nafasi moja. Akiharibu, anairudia wodi yote tangu mwanzo, wenzake wakiwa wameshahamia upasuaji, na shangazi ambaye tayari anawatangazia wateja kwamba mtoto wake karibu ni daktari atabaki kutafuta pa kuuficha uso.

Akamfuata daktari wa mafunzo wa wodi, kijana mwembamba aliyemaliza chuo juzijuzi na ambaye kwa umri angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho. Alimkuta katika chumba cha dawa, anakunywa chai kwa haraka akiwa amesimama.

"Daktari, nifundishe kuwasilisha. Usinifundishe ugonjwa, ugonjwa naujua."

"Dada, shida yako unasimulia," kijana akasema. "Bingwa hajaja kusikia hadithi. Amekuja kuamua. Sentensi yako ya kwanza impe mtu: nani, umri, kazi, ugonjwa wa zamani kama unahusika, kilichomleta, tangu lini. Akishasikia hivyo kichwani mwake kuna magonjwa manne, matano. Kila neno lako linalofuata liupe ugonjwa mmoja uzito au liufute."

"Kwa hiyo bei kwanza."

"Bei?"

"Kibandani bei inakuja mwisho. Hapa inatangulia."

Kijana akafikiri, kikombe mdomoni. "Hapana. Kinachotangulia ni tatizo lake. Jina la ugonjwa ni uamuzi wako, linangoja mpaka umeshaweka ushahidi mezani. Mara ile ulitoa uamuzi kabla ya ushahidi, ndiyo maana akakukalia kooni."

Akamwelekeza mengine. Tatizo lilivyoanza na lilivyokua, hatua kwa hatua. Kisha yale ambayo mgonjwa hana, lakini si yote duniani; zile "hana" tu ambazo kama angekuwa nazo ungefikiria ugonjwa mwingine. Kisha magonjwa ya zamani, dawa, mzio, familia, maisha ya nyumbani. Halafu ndipo uchunguzi wa mwili, na hapo usichanganye: alichokuambia kwa mdomo ni historia, ulichokigusa kwa mkono wako ni uchunguzi. Mwisho muhtasari wa pumzi moja, magonjwa unayofikiria na sababu zake, vipimo, mpango.

"Na ukate," akamalizia. "Kata mpaka uone uchungu."

Mgonjwa aliyepangiwa alikuwa fundi seremala wa miaka hamsini na minane, kitanda cha dirishani, amekaa akiegemea mito mitatu kwa sababu akilala chali anakosa hewa. Aliongea kuliko Redio mwenyewe. Akiulizwa kuhusu pumzi, alijibu kuhusu goti: goti la kulia linalomsumbua, goti linalomfanya apige randa akiwa amekaa, goti ambalo muuza duka la dawa pale mtaani ndiye pekee anayelielewa.

"Baba, tutarudi huko kwenye goti," Redio alimwambia. "Kwanza pumzi."

Hawakurudi. Jioni aliketi jikoni kwa shangazi na kukata. Goti lilikwenda na maji, pamoja na randa na muuza dawa. Akawasilisha kwa sauti huku shangazi akichambua maharage. Kufika kwenye uchunguzi wa tumbo, shangazi alikuwa amesinzia.

"Shangazi, umesikia?"

"Nimesikia. Mtu anavimba miguu. Mpeni dawa."

Redio akaridhika. Kama hata shangazi amelala na anajua tatizo, basi limekaa mbele.

Asubuhi raundi ilifika dirishani. Bingwa akakunja mikono. Redio akashusha pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu aingie wodi ile alianza na tatizo lenyewe.

"Mgonjwa ni seremala wa miaka hamsini na minane, ana shinikizo la damu la miaka mingi, amekuja kwa kukosa pumzi kunakozidi kwa wiki tatu pamoja na miguu kuvimba."

Bingwa hakumkatiza. Ilikuwa dalili njema. Redio akasonga mbele: kwanza alichoka akipanda ngazi, kisha akitembea sakafuni tu, sasa hata kulala hawezi bila mito, na usiku hushtuka akitafuta hewa. Hana homa, hakohoi damu, hajakonda, hakusikia maumivu ya kifua, uso haujavimba na mkojo haujapungua, hanywi pombe. Dawa za shinikizo anakunywa kila siku bila kukosa. Kwenye uchunguzi anahema haraka, shinikizo mia na sabini kwa mia, mshipa wa shingo umejaa, pigo la moyo limesogea kushoto, chini ya mapafu yote mawili kuna milio ya majimaji, na miguu ukiibonyeza kishimo kinabaki mpaka magotini.

"Kwa muhtasari, ni mtu mwenye shinikizo la muda mrefu ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu vya kutosha. Figo ni ya pili katika fikra zangu, ingawa uso na mkojo haviielekei. Ningependa kipimo cha figo na chumvi za damu, kipimo cha umeme wa moyo, picha ya kifua na baadaye ya moyo wenyewe. Mpango ni oksijeni, na dawa ya kutoa maji kwa mshipa."

Daktari wa mafunzo, nyuma ya wote, alitazama viatu vyake akijizuia kutabasamu.

"Vizuri," bingwa akasema. "Shinikizo analo miaka. Dawa anakunywa. Kwa nini sasa?"

Redio akafungua mdomo, na mdomo ulikuwa na jibu tayari, kama zamani. Sema tu huenda anadanganya, huenda dawa ameziacha. Hakuna daktari asiyenunua hilo. Wagonjwa wengi huacha dawa kweli, na bingwa angeitikia kwa kichwa na kusaini fomu yake ya kupita. Lakini Redio mwenyewe alikuwa amezihesabu zile dawa kwenye pakiti, na zilikuwa zimepungua ipasavyo. Angekuwa anauza kiatu chenye ufa uliozibwa kwa gundi, na mwenye mguu amelala pale pale anamsikiliza.

"Daktari, kuna kitu nimekikata," akasema. "Ana goti linalomuuma. Anapata dawa ya maumivu dukani. Niliona ni maneno ya pembeni, nikayatoa."

"Dawa gani?"

"Sikuuliza."

"Amekunywa kwa muda gani?"

"Sikuuliza, Daktari."

"Muulize. Sisi tupo."

Redio akainama. "Baba, ile dawa ya goti, ni ipi?"

"Si nilikwambia mwanangu, ukasema tutarudi?" Seremala akaingiza mkono chini ya mto wa tatu, akatoa pakiti ya diklofenaki iliyobaki vidonge vichache. "Hii hapa. Kama mwezi sasa. Asubuhi na jioni. Leo nimeshameza."

Mmoja wa wanafunzi akaguna. Bingwa akaipokea pakiti, akamkabidhi muuguzi, kisha akawageukia wote.

"Inafanya nini hii?"

"Inabakiza chumvi na maji mwilini," Redio akajibu, akiona mambo yakijipanga yenyewe. "Inapandisha shinikizo, inazipunguza nguvu dawa za shinikizo, na inaweza kuumiza figo. Ameanza dawa ya goti, kama wiki moja baadaye akaanza kuvimba."

"Na mngempa dawa ya kutoa maji asubuhi, naye anarudisha maji jioni chini ya mto. Kukata nilitaka. Ila unakata ukishauliza, si kabla. Anza upya. Nataka sentensi mbili tu za mwanzo."

Redio akanyoosha koti. "Mgonjwa ni seremala wa miaka hamsini na minane mwenye shinikizo la damu la miaka mingi, amekuja kwa kukosa pumzi kunakozidi kwa wiki tatu pamoja na miguu kuvimba. Alikuwa salama mpaka mwezi mmoja uliopita, alipoanza kumeza diklofenaki mara mbili kwa siku kwa ajili ya maumivu ya goti."

"Hapo ndipo goti linapokaa." Bingwa akatoa kalamu. "Umepita. Si kwa alama za kutangazia mtaani, lakini upasuaji watakupokea. Ungeniambia ameacha dawa, ungebaki nami mwezi mwingine."

Akasaini, akavaa miwani, akahamia kitanda kinachofuata, na makoti yote yakamfuata. Redio naye alipiga hatua, lakini seremala akamshika mkono wa koti.

"Daktari, dawa yangu wamechukua. Sasa goti hili nani wake?"

"Utapewa nyingine isiyogombana na moyo."

"Ile ililiweza. Hiyo nyingine nitaijuaje?"

"Baba, bingwa yuko pale ananitazama."

"Basi nitakwambia haraka haraka. Lilianza siku niliyoanguka na mbao..."

Redio akatupa jicho kwa bingwa, akavuta kigoda, akakaa. "Uliangukia upande gani? Na usinipeleke kwenye randa."