Mnara wa Kreti Ulioyumba

Marehemu mume wangu aliniachia duka la jumla la soda hapa Runzewe, na ndugu zake wakakaa kusubiri nishindwe. Mdogo wake ndiye aliyekuwa mtunza stoo. Kila Jumamosi tulihesabu pamoja kreti zenye soda, kreti za chupa tupu zilizopangwa uani, na zile walizochukua wateja baada ya kuacha amana. Mitungi ya gesi, tuliyouza pia, niliinyanyua mwenyewe, mmoja mmoja, kwa sababu mtungi mtupu na uliojaa hufanana kwa macho. Kreti tulizihesabu kwa minara. Jumla haikupungua kamwe, na ukamilifu huo ulinitia wasiwasi kuliko upungufu.

Jumatano ya mwisho ya Septemba, upepo unaotangulia mvua ulivuma uani. Minara ya mbele ilitulia. Mmoja wa nyuma, uliobanwa ukutani, uliyumba. Kreti iliyobeba chupa ishirini na nne za kioo haichezi na upepo.

“Shemeji, ushushe ule wa nyuma.”

“Ule? Ni sakafu tu, shemeji, imebonyea. Kesho lori linakuja, tutaushusha wakati wa kupakia.”

“Ushushe sasa.”

“Tangu uanze masomo ya jioni, hata kreti unazisahihisha!”

Sikucheka. Niliusukuma kwa kiganja, nikasikia plastiki ikigonga plastiki. Kreti ya juu ilikuwa na chupa. Zilizofuata zilikuwa maganda matupu hadi chini, bila hata chupa moja.

Alikiri kwamba chupa ziko kwenye baa ya rafiki yake, huko machimboni. Zilitoka bila amana, kreti zikabaki ili hesabu itimie. Lori la kampuni hutoa kreti ya soda kwa kubadilishana na kreti yenye chupa tupu zake zote. Bila chupa, rafu zangu zingekaa wazi, na ukoo ungepata sababu ya kusema duka limemshinda mwanamke, apewe mdogo wa marehemu. Nilimtazama nikijiuliza kama hilo silo alilokusudia.

“Lete ufunguo wa pikipiki yako,” nikamwambia.

“Shemeji! Mimi ni ndugu.”

“Wateja wote huacha amana. Wewe ndiye uliyechukua bila kuacha.”

Pikipiki ililala stoo, katikati ya mitungi. Akakodi bajaji ya mizigo kwenda machimboni. Alhamisi, dereva wa lori alimkuta anashusha chupa, jasho likimtiririka.

“Mayu, leo umemwamsha bosi wa stoo!” dereva akatania, akiniita mama kwa Kisukuma.

Nilipitisha kidole kwenye mdomo wa kila chupa. Zilizomeguka nilizitenga, kwa kuwa kampuni huzikataa, na pikipiki ikabaki palepale hadi alipoleta nyingine nzima.

Ufunguo nilimrudishia. Uani sasa tunapanga safu moja tu ya minara, na kila Jumamosi, kabla hajafika, nasukuma kila mnara kwa kiganja.